Chati Yenye Saa Ndani Yake: Jinsi Saketi Inavyozidisha 13 kwa 11

Chati ya ASM ni mchoro wa hesabu inayofanywa na saketi kwa hatua kadhaa. Herufi hizo ni kifupi cha mashine ya hali ya kialgoriti. Ukiitazama kwa haraka utadhani ni chati ya mtiririko ya kawaida, ile inayochorwa kabla ya kuandika programu ya kompyuta: ina visanduku, almasi za maswali na mishale. Tofauti iko katika muda. Chati ya mtiririko husema tu kipi kinafuata kipi, wala haijali hatua inachukua muda gani. Chati ya ASM imefungwa kwenye saa ya saketi, na kila kisanduku cha mstatili ndani yake kina thamani ya mpigo mmoja wa saa hiyo.

Mbinu hii ilikuzwa katika kampuni ya Hewlett-Packard, California, katika miaka ya 1960. Mwasisi wake anatajwa kuwa mhandisi Tom Osborne, ambaye kazi yake ilizaa kikokotoo cha mezani HP 9100A kilichoingia sokoni mwaka 1968. Christopher Clare wa kampuni hiyohiyo aliieneza kwa kitabu alichokichapisha mwaka 1973, na tangu hapo imekuwa sehemu ya masomo ya uhandisi wa saketi za kidijitali.

Tatizo lililowasukuma wahandisi hao linaonekana hata kwenye saketi ndogo kabisa, kwa mfano ile inayozidisha namba mbili za biti nne, yaani namba kuanzia 0 hadi 15. Saketi hiyo huhitaji kukumbuka namba zenyewe, jumla inayojengwa kidogokidogo, na hesabu ya mizunguko iliyobaki. Kwa muundo utakaoelezwa hapa, kumbukumbu hiyo yote ni biti 16. Biti 16 zinaweza kupangika kwa namna 65,536. Mtu akiamua kuiona saketi nzima kama mashine moja ya hali, atakuwa na hali 65,536 za kuchora, na hakuna ukuta wa kutosha mchoro huo.

Suluhisho ni kuigawa kazi pande mbili. Upande mmoja ni njia ya data: rejista zinazotunza namba, kijumlishi, na nyaya za kuzihamisha biti. Upande huu una nguvu lakini hauna uamuzi; unajua kujumlisha, ila haujui ujumlishe lini. Upande wa pili ni kidhibiti, mashine ndogo ya hali ambayo haigusi namba hata moja. Kazi yake ni kutoa amri, kama vile “pakia”, “jumlisha” na “hamisha”, na kupokea majibu machache kutoka njia ya data: je, biti ya mwisho ni 1? Je, mizunguko imekwisha? Baada ya mgawanyo huo, hali 65,536 hubaki tatu.

Njia yenyewe ya kuzidisha ni ileile ya karatasi na kalamu inayofundishwa shule ya msingi: zidisha kwa tarakimu moja, sogeza nafasi, zidisha kwa tarakimu inayofuata, kisha jumlisha. Katika mfumo wa mbili mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa tarakimu ni 0 au 1 tu. Ikiwa 1, namba inayozidishwa huongezwa kwenye jumla. Ikiwa 0, haiongezwi. Saketi ina ujanja mmoja wa ziada. Badala ya kuisogeza namba inayozidishwa kwenda kushoto, huiacha palepale na kuisogeza jumla kwenda kulia, hivyo kijumlishi cha biti nne kinatosha.

Njia ya data ina rejista tano. M hutunza namba inayozidishwa, biti nne. Q huanza na kizidisho, biti nne. A ni jumla inayojengwa, nayo ni biti nne. C ni biti moja ya kubeba, kwa ajili ya pale jumla inapozidi 15. P ni kihesabu cha biti tatu kinachoanza na 4 na kushuka. Rejista C, A na Q zimepangwa bega kwa bega, kiasi kwamba amri ya kuhamisha inaposhuka, biti ya C huingia A, biti ya mwisho ya A huingia Q, na biti ya mwisho ya Q hudondoka. Biti hiyo inayodondoka ni ya kizidisho ambayo imekwisha kutumika, kwa hiyo hakuna hasara. Nafasi inayoachwa kushoto mwa Q hujazwa na biti za jibu. Mwisho wa kazi, A na Q kwa pamoja zina jibu la biti nane.

Sasa chati. Ina maumbo matatu tu. Mstatili ni kisanduku cha hali, na ndani yake huandikwa yale yanayofanyika kila mashine inapokuwa katika hali hiyo. Almasi ni swali, lenye njia mbili za kutokea: ya 0 na ya 1. Umbo la tatu ni kisanduku chenye ncha za mviringo, ambacho hukaa chini ya almasi na hubeba amri zinazotolewa ikiwa tu jibu la swali lilielekeza huko. Hiki huitwa kisanduku cha sharti.

Hali ya kwanza ni KUNGOJA. Ndani ya mstatili wake kuna ishara moja, Tayari. Chini yake kuna almasi inayouliza: Anza ni 1? Ikiwa 0, mshale unarudi KUNGOJA. Ikiwa 1, unapita kwenye kisanduku cha sharti kinachosema A ← 0, C ← 0, P ← 4, na M na Q zipakiwe kutoka nje. Kisha unakwenda hali ya pili. Alama ya mshale wa kushoto husomeka “ipokee”.

Hali ya pili ni KUJUMLISHA. Mstatili wake unasema P ← P − 1. Almasi iliyo chini inauliza kuhusu biti ya mwisho ya Q. Ikiwa 1, kisanduku cha sharti kinaamuru A na C zipokee jumla ya A na M. Ikiwa 0, hakuna kinachoongezwa. Njia zote mbili huishia hali ya tatu, KUHAMISHA, ambako C, A na Q husogezwa kulia kwa nafasi moja na C kurudi 0. Almasi yake inauliza kama P ni 0. Ikiwa ndiyo, mashine hurudi KUNGOJA. Ikiwa bado, hurudi KUJUMLISHA.

Chukua 13 mara 11. Katika mfumo wa mbili, 13 ni 1101, nayo hukaa M. 11 ni 1011, nayo hukaa Q. A ni 0000. Biti ya mwisho ya Q ni 1, kwa hiyo A inakuwa 1101. Baada ya kuhamisha, A ni 0110 na Q ni 1101. Mzunguko wa pili tena unakuta 1 mwishoni mwa Q, na 0110 kuongeza 1101 ni 19, namba isiyoenea katika biti nne: C inashika 1 na A inabaki na 0011. Hapa ndipo C inapoonyesha faida yake, maana kuhamisha kunairudisha biti hiyo ndani ya A, ambayo sasa ni 1001, na Q ni 1110. Mzunguko wa tatu unakuta 0. Hakuna kujumlisha, ni kuhamisha tu, na tunabaki na A 0100 na Q 1111. Mzunguko wa nne unakuta 1: 0100 na 1101 ni 17, C ni 1 na A ni 0001. Baada ya kuhamisha mara ya mwisho, A ni 1000 na Q ni 1111. Zikisomwa pamoja, 10001111 ni 128 na 15, yaani 143.

Mipigo iliyotumika inahesabika kwenye chati bila kuwasha saketi: mmoja wa kupakia, na miwili kwa kila mzunguko kati ya mizunguko minne, jumla tisa. Chati ya mtiririko ya kawaida isingeweza kutoa jibu hilo.

Hadi hapa msomaji aliyewahi kuandika programu hajakutana na kigeni. Kigeni kimo katika sheria moja, na wengi wanaoanza hujikwaa hapo. Kisanduku cha hali, pamoja na almasi na visanduku vya sharti vilivyo chini yake hadi hali inayofuata, ni bloku moja, na bloku nzima hufanyika ndani ya mpigo mmoja. Haisomwi kutoka juu kwenda chini. Maswali yote huulizwa na amri zote hutolewa wakati mmoja, mashine ikiwa imetulia katika hali ile. Kisha ukingo wa mpigo unapofika, rejista zote hubadilika kwa pamoja, na mashine nayo huhamia hali mpya. Ni kama watu walioketi duara, kila mmoja na ubao wenye namba, wanaongoja ngoma ilie: ikilia, kila mmoja anafuta na kuandika upya kwa kutumia namba alizoziona kwenye mbao za wenzake kabla ya mlio.

Matokeo yake ni kwamba swali lililo ndani ya bloku husoma thamani ya zamani ya rejista, hata kama mstatili ulio juu yake unaamuru rejista hiyohiyo ibadilike. Ndiyo sababu katika chati yetu P inapunguzwa katika KUJUMLISHA lakini inaulizwa katika KUHAMISHA. Kati ya hali hizo mbili kuna ukingo wa mpigo, na mpaka swali linapoulizwa, P imekwisha kushuka.

Tuseme mbunifu ameona ni nadhifu zaidi kuweka vyote mahali pamoja, akauhamishia upunguzaji wa P ndani ya KUHAMISHA, juu ya almasi inayouliza kama P ni 0. Kwenye karatasi mchoro unapendeza, na ungekuwa programu ya kompyuta ungefanya kazi vizuri kabisa. Katika saketi, almasi inasoma P ya zamani. Kwenye mzunguko wa nne P bado inaonekana 1, mashine haisimami, na mzunguko wa tano usiotakiwa unafanyika. Katika hesabu yetu, mzunguko huo unakuta 1 mwishoni mwa Q (ambayo sasa ni biti ya jibu, si ya kizidisho), unaongeza 13 kwenye A, unahamisha, na jibu linatoka 175 badala ya 143.

Kosa hili lina alama zake, na anayezijua hulitambua bila kufungua saketi. Jibu sahihi likiwa namba shufwa, mzunguko wa ziada hauongezi kitu bali unahamisha tu, hivyo jibu hutoka nusu kamili: 6 mara 5 inakuwa 15. Jibu sahihi likiwa witiri, hutoka namba isiyoelekea popote, kama ile 175. Na kuna majaribio yanayoficha kosa. Zidisha chochote kwa 0 na jibu litakuwa sahihi. Kinachochekesha zaidi ni 1 mara 15: M ikiwa 1 na Q ikiwa 15, saketi yenye kosa hutoa 15, jibu sahihi, lakini ukizigeuza, M ikiwa 15 na Q ikiwa 1, hutoa 127. Kati ya jozi zote 256 za namba za biti nne, 32 hupita bila kuonyesha dosari: jozi 31 zenye sifuri na hiyo moja. Anayejaribu saketi kwa sifuri na moja peke yake anajidanganya.

Dawa zipo mbili. Ama upunguzaji urudishwe kwenye hali iliyotangulia, ama swali libadilishwe liulize kama P ni 1. Zote ni sahihi. Ya pili huhitaji maelezo pembeni mwa chati, la sivyo mwingine atakuja “kuirekebisha”.

Sheria hiyohiyo ndiyo inayowachanganya watu wanapotazama mawimbi ya saketi kwenye kompyuta. Huona ishara ya Jumlisha imepanda, lakini A haijabadilika. Inabadilika kwenye ukingo unaofuata, wakati ambapo Jumlisha imekwisha kushuka. Si kuchelewa. Amri hutolewa wakati wa hali, na utekelezaji hutokea hali hiyo inapomalizika.

Kutoka kwenye chati hadi kwenye malango ya mantiki hakuna ubunifu uliobaki, na hilo ndilo lililowafurahisha wahandisi. Njia rahisi ni kuipa kila hali flipuflopu yake, yaani saketi ndogo inayotunza biti moja. Hali tatu, flipuflopu tatu, na wakati wowote ni moja tu yenye 1. Ziite T0, T1 na T2 kwa mpangilio wa hali. Z ni jibu la “P ni 0”, Q0 ni biti ya mwisho ya Q, na alama ya mkato huonyesha kinyume:

```
Pakia    = T0·Anza
Punguza  = T1
Jumlisha = T1·Q0
Hamisha  = T2

T0 ijayo = T0·Anza' + T2·Z
T1 ijayo = T0·Anza + T2·Z'
T2 ijayo = T1
```

Kila mstari umenakiliwa kutoka kwenye mchoro. Mstatili wenye amri isiyo na sharti hutoa mstari wenye T peke yake. Kisanduku cha sharti hutoa T ikizidishwa na jibu la almasi. Na kila mshale unaoingia kwenye hali huongeza kipande kimoja kwenye mstari wa hali hiyo. Mistari miwili, Pakia na Jumlisha, hutegemea hali pamoja na ishara inayoingia. Mashine za aina hiyo zilielezwa na George Mealy mwaka 1955. Punguza na Hamisha hutegemea hali tu, kama katika mashine alizozieleza Edward Moore mwaka 1956. Chati ya ASM huchanganya aina zote mbili bila taabu, na kisanduku cha mviringo ndicho kinachozitenganisha machoni.

Kuna jambo ambalo chati hailionyeshi, nalo ni wapi ishara zinatoka. Q0 na Z hutoka ndani ya saketi na hubadilika kwa kufuata mpigo. Anza hutoka nje, labda kwenye kitufe kinachobonyezwa na kidole, na kidole hakijui saa ya saketi. Kitufe kikibonyezwa karibu kabisa na ukingo wa mpigo, T0 inaweza kuona Anza bado ni 0 na T1 ikaiona ni 1. Hapo T0 inabaki na 1 na T1 inapata 1: mashine iko katika hali mbili kwa wakati mmoja. Ikitokea kinyume chake, zote zinakuwa 0, na mashine haimo katika hali yoyote. Haitatoka humo mpaka saketi iwashwe upya. Dosari hii hutokea mara chache na bila mpangilio, jambo linaloifanya iwe ngumu kuinasa. Kinga yake ni kuipitisha Anza kwenye flipuflopu mbili zilizofuatana kabla haijafika kwenye kidhibiti, ili kidhibiti kizima kione jibu moja. Vilevile saketi inapowashwa lazima T0 iwekwe 1 na nyingine 0 kwa nguvu.

Kitufe kina tabia nyingine isiyo na madhara makubwa lakini ya kushangaza. Kwa saa ya mipigo milioni 50 kwa sekunde, kidole kikikaa juu ya kitufe kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mipigo milioni 5 hupita. Kuzidisha huchukua tisa. Saketi itarudia hesabu ileile zaidi ya mara nusu milioni, na taa ya Tayari itamulika hafifu badala ya kuwaka vizuri. Hali ya nne, ya kungoja kitufe kiachiwe, inamaliza tatizo hilo.

Chati hiyohiyo inaonyesha pia mahali pa kuokoa muda. Hakuna kinacholazimisha kujumlisha na kuhamisha viwe hali mbili. Kuhamisha ni suala la nyaya: matokeo ya kijumlishi yanaweza kupelekwa kwenye rejista yakiwa tayari yamesogezwa nafasi moja, na mbele ya kijumlishi ikawekwa safu ya malango inayopitisha M au sifuri kulingana na Q0. Hali zinabaki mbili, KUNGOJA na KUZIDISHA, na mipigo inashuka kutoka tisa hadi mitano. Gharama yake ni mpigo mrefu kidogo tu, kwa kuwa kijumlishi ndicho kilichokuwa kikichukua sehemu kubwa ya muda tangu mwanzo. Biti ya kubeba sasa huingia moja kwa moja A, hivyo rejista C haihitajiki.

Ila katika chati hii fupi, kupunguza P na kuuliza kuhusu P viko ndani ya bloku moja, hakuna pa kukwepea. Njia safi ni kuipakia P na 3 badala ya 4 na kuacha swali liulize kuhusu 0: mizunguko itafanyika P ikionekana 3, 2, 1 na 0, ambayo ni minne kamili. Namba 3 inatosha katika biti mbili, kwa hiyo P nayo inapungua. Rejista zinabaki na biti 14, na kidhibiti cha hali mbili kinaweza kuendeshwa na flipuflopu moja. 15 kwa jumla, mahali ambapo muundo wa kwanza ulihitaji 19.

Kwa hesabu kubwa, kama kugawanya namba zenye desimali au kuendesha kichakato kizima, chati hujaa mishale hadi haisomeki, na wahandisi wa sasa huandika hali zao moja kwa moja katika lugha za kueleza saketi kama Verilog. Sheria ya muda haibadiliki huko: alama `<=` ya Verilog ndani ya bloku ya saa ina maana ileile ya mshale wa kushoto kwenye chati, na anayeuliza thamani ya rejista kwenye mstari unaofuata bado atapata ile ya zamani.